Kampuni tanzu ya Dar imepata faida, Nairobi tumeandika hasara ya milioni 18. Pesa imeenda wapi?

KalamuNyekundu
Wakuu, salaam. Nafanya uhasibu katika kampuni moja hapa Nairobi yenye kampuni tanzu Dar es Salaam, tunaimiliki yote. Tunafunga hesabu za kundi za 2024 na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kugeuza hesabu za Dar kutoka shilingi ya Tanzania kwenda shilingi yetu. Ni mara yangu ya kwanza.

Namba nimezibadilisha na viwango nimevizungusha, ila picha ni ileile. Mwaka ulipoanza shilingi moja ya Kenya ilikuwa TSh 16. Wastani wa mwaka 20. Siku ya kufunga 18. Dar walianza mwaka na mali halisi, yaani mali ukitoa madeni, ya TSh milioni 2,880. Wakapata faida ya milioni 360, hawakutoa gawio hata senti. Wakafunga na milioni 3,240. Kampuni imekua, si ndiyo?

Lakini bosi anasema kwenye hesabu za kundi kuna hasara ya KSh milioni 18 inayokwenda kwenye akiba ya ubadilishaji, yaani mstari wa mtaji unaobeba tofauti za kugeuza sarafu. Nimepitia taarifa ya Dar mstari kwa mstari, hiyo hasara haipo popote. Hakuna aliyenunua dola, hakuna aliyeibiwa. Mkurugenzi mmoja ameniuliza "nani kaila?" nikakosa jibu. Nisaidieni.

Mwanaheri_Tanga
Kama ni kutafsiri hesabu mnatakiwa mtafute mtafsiri aliyesajiliwa, msifanye wenyewe. Mimi nilitafsiri cheti cha kampuni kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mwanasheria akakataa kugonga mhuri mpaka nikarudia kwa mtu anayetambulika. Hapo ndipo makosa yenu yalipo.

BwanaStoo
Dada Mwanaheri, hapa hawatafsiri lugha. Wanageuza sarafu. Hesabu zenyewe ziko sawa.

Mwanaheri_Tanga
Aah, samahani. Nakaa nasoma basi.

Kiongozi_wa_Ledja
Jibu ni rahisi. Umechanganya viwango viwili, mizania kwa kiwango cha kufunga na faida kwa wastani. Ukitumia viwango viwili kwenye hesabu moja lazima zikatae kukaa sawa. Geuza kila kitu kwa 18 uone kama tofauti haipotei. Hiyo akiba ni takataka ya kihesabu tu.

MamaMizania
Nimekagua hesabu za makundi miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu la Kiongozi hapo juu nimelisikia kila mwaka. Lina nusu ya ukweli. Kalamu, chukua karatasi, tufanye pamoja. Weka Ekseli pembeni kwanza.

Tarehe 1 Januari mlikuwa na TSh milioni 2,880 kule Dar. Kwa 16 hiyo ni KSh milioni 180, na ndivyo mlivyoiandika kwenye mizania ya kundi mlipofunga 2023. Sasa tuseme Dar walilala mwaka mzima, hawakuuza wala kununua. Tarehe 31 Desemba TSh milioni 2,880 ni zilezile, lakini kwa 18 zinakuwa KSh milioni 160. Milioni 20 zimeondoka na hakuna mtu aliyegusa kitu. Hapo bado hatujaigusa faida ya mwaka.

Sasa faida. Milioni 360 ziliingia kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo zinageuzwa kwa wastani wa 20, unapata KSh milioni 18. Lakini mali iliyotokana na faida hiyo iko ndani ya mizania ya mwisho wa mwaka, na mizania inageuzwa kwa 18. Milioni 360 kwa 18 ni KSh milioni 20. Hapo mmepata milioni 2 za ziada.

Toa 20, ongeza 2. Hasara ni 18. Bosi wako yuko sahihi.

Sasa tazama jambo moja. Mali halisi ya mwisho ni TSh milioni 3,240, kwa 18 ni KSh milioni 180. Mlianza na 180, mmemaliza na 180. Dar walifanya kazi mwaka mzima wakaleta faida ya KSh milioni 18, na kiwango cha ubadilishaji kikaichukua yote. Hilo ndilo jibu la mkurugenzi.

Ukitaka kuiweka kwenye Ekseli, usiiache tofauti ijitokeze yenyewe. Ihesabu kutoka upande wa pili kwa mistari miwili hii, halafu ulinganishe:

```
=2880/18-2880/16
=360/18-360/20
```

Tofauti inayojitokeza yenyewe ni kama kapu, kila kosa ulilofanya linatumbukia humo na huwezi kuliona. Nimeshakuta mkopo wa benki umesahaulika kugeuzwa, umejificha ndani ya akiba ya ubadilishaji kwa miaka mitatu.

Kiongozi_wa_Ledja
Sawa, lakini nikitumia 18 kwenye faida, si hizo milioni 2 zinapotea?

MamaMizania
Milioni 2 zinapotea, ndiyo. Lakini 20 inabaki, kwa sababu inatokana na mali ya mwanzo wa mwaka, haihusiani na faida. Akiba isingekuwepo kabisa kama kiwango kisingesogea. Na faida huruhusiwi kuigeuza kwa kiwango cha kufunga kwa kupenda. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inataka kiwango cha siku muamala ulipofanyika, wastani unakubaliwa kwa kuwa unakaribia hapo. Mwaka ambao shilingi inaruka ndani ya miezi miwili, wastani wa miezi 12 nao unadanganya. Na 2024 kwa Kenya ulikuwa mwaka wa aina hiyo, kwa hiyo Kalamu, faida yenu igeuzeni mwezi kwa mwezi.

KalamuNyekundu
Mama, asante sana. Nimefanya na nimepata 18. Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kwenye Ekseli yangu mizania ikishakaa sawa, mstari wa akiba unasoma KSh milioni 7, na ni chanya! Mtaji nimeugeuza kwa kiwango cha siku tulipouweka (TSh milioni 1,440 kwa 18, ni KSh milioni 80). Limbikizo la faida la nyuma nimelichukua kama lilivyo kwenye hesabu za mwaka jana, KSh milioni 75. Faida ya mwaka 18. Jumla 173. Mali halisi 180. Tofauti 7. Iweje hasara ya 18 isomeke faida ya 7?

Fundi_Urari
Kalamu, tazama mizania ya mwaka jana. 180 toa 80 toa 75, akiba ilikuwa ngapi?

KalamuNyekundu
25.

Fundi_Urari
Basi. 25 toa 18 ni 7. Hiyo 7 ni akiba iliyojikusanya tangu mlipoinunua kampuni. Ile 18 ni mwendo wa mwaka huu peke yake. Ya kwanza inakaa kwenye mizania, ya pili inakaa kwenye mapato mengine jumuishi, chini ya faida ya mwaka. Watu wengi wanachukua ile tofauti ya mizania na kuiandika kama ya mwaka, halafu mwaka unaofuata hesabu zinakataa na hawajui kwa nini.

Usigeuze mtaji wala limbikizo la faida la nyuma kwa kiwango cha kufunga. Ukifanya hivyo akiba yote ya nyuma itafutika na mkaguzi atakuuliza 25 imekwenda wapi.

Mchuuzi_Kariakoo
Jamani, kwa hiyo shilingi yetu ya Tanzania iliporomoka hivyo 2024 na sisi hatukujua? Maana huku dola ilitutesa katikati ya mwaka, ila kufikia Desemba ilikuwa imeshuka.

Pwani_Karani
Hapana ndugu, ya kwenu mwisho wa mwaka haikuwa mbaya, ilirudi karibu na ilipoanzia. Iliyosogea ni ya kwetu. Mwisho wa 2023 dola moja ilikuwa kama KSh 156. Februari 2024 serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, hofu ikatulia, na mwisho wa mwaka dola ilikuwa kama 129. Kenya ikipanda, kila kilichoko nje kinaonekana kidogo ukikisoma kwa shilingi ya Kenya, hata kama kule kilipo hakijapungua.

Na hiyo 25 ya Kalamu najua ilikotoka. 2023 shilingi yetu ilianguka kutoka kama 123 hadi 156. Mali ya Dar ikavimba kwenye vitabu vya Nairobi bila mtu kufanya lolote. Mwaka ule hakuna mkurugenzi aliyeuliza "nani kaileta?"

Mchuuzi_Kariakoo
Nimeelewa. Kumbe hata msipofanya kitu mnatajirika na kufilisika kwenye karatasi.

Afisa_Mikopo_Kisumu
Hapo kwenye "karatasi" ndipo ninapotaka kusimama. Wote mnazungumza kana kwamba hasara hii si ya kweli. Mimi nasoma hesabu za wateja ili niwakopeshe. Dar wakiamua leo kuleta gawio la TSh milioni 144, Nairobi wanapokea KSh milioni 8. Lingeletwa Desemba 2023 wangepokea 9. Milioni moja nzima haipo, na mkopo wangu unalipwa kwa shilingi ya Kenya. Kwangu mimi hiyo ni hasara kama hasara nyingine.

MamaMizania
Kwa pesa inayokuja Nairobi nakubaliana nawe. Lakini wengi hawaileti. Dar wanalipa mishahara kwa shilingi ya Tanzania, wananunua mzigo hukohuko, wanapanua ghala hukohuko. Ghala halikupungua hata tofali moja. Ndiyo maana haiingizwi kwenye faida ya mwaka, maana hata meneja wa Dar hawezi kuhukumiwa kwa jambo asilolishika.

Afisa_Mikopo_Kisumu
Meneja wa Dar sawa. Lakini aliyeamua kuweka milioni 180 Dar ni bodi ya Nairobi, na bodi ihukumiwe. Kumbukeni Sudan Kusini. Desemba 2015 waliachia pauni yao, ikatoka chini ya 3 kwa dola ikaenda karibu 18 kwa mkupuo. Benki za Kenya zilizokuwa na matawi kule ziliona mtaji unayeyuka kwenye vitabu. Kuna aliyesema ni karatasi? Ile haikurudi.

Fundi_Urari
Sudan Kusini ni kesi nyingine, usiichanganye na hii. 2016 mfumuko ulipopita kiasi, hesabu zilianza kurekebishwa kwanza kwa bei za siku ya kufunga, ndipo zigeuzwe, na hapo kila mstari hutumia kiwango cha kufunga, hata faida. Ile kanuni ya Kiongozi ya "kila kitu kwa 18" ingekuwa sahihi kule.

Kiongozi_wa_Ledja
Nilijua mahali fulani nitakuwa sahihi. Nachukua Juba.

Nyota_ya_Nakuru
Naomba niingize yangu, maana imenitesa. Sisi tuliikopesha kampuni tanzu yetu ya Tanzania KSh milioni 40. Nikasema mkopo wa ndani unafutika kwenye hesabu za kundi, wao wanadaiwa, sisi tunadai, kwisha. Lakini kwenye faida ya kundi imebaki hasara ya KSh milioni 4 na siioni inatoka wapi. Viwango vyangu ni kama vya Kalamu. Mkaguzi anasema tuihamishie kwenye akiba, meneja anakataa.

MamaMizania
Mkopo unafutika, hasara haifutiki. Waliandika deni lenu kwa shilingi yao. Mwanzo milioni 40 kwa 16 ni TSh milioni 640. Mwisho milioni 40 zilezile kwa 18 ni TSh milioni 720. Kwao deni limekua kwa TSh milioni 80, na wameliandika kama hasara kwenye faida yao. Ukigeuza hiyo 80 kwa wastani wa 20 unapata KSh milioni 4. Ndiyo hiyo. Ninyi upande wenu hamna faida ya kuifuta, kwa sababu mkopo uko kwa shilingi yenu.

Kuihamishia kwenye akiba inategemea swali moja: mnatarajia kulipwa? Kama hakuna mpango wa kulipwa wala dalili ya kulipwa katika muda unaoonekana, mkopo huo ni sehemu ya uwekezaji wenu, ni mtaji uliovaa nguo za mkopo, na tofauti yake kwenye hesabu za kundi inakwenda kwenye akiba. Kama mnalipwa, inabaki kwenye faida.

Nyota_ya_Nakuru
Mkataba unasema unalipwa "itakapoombwa". Na mwaka 2022 walilipa awamu mbili ndogo.

MamaMizania
Hapo mkaguzi wako na mimi tutatofautiana. Kwangu awamu mbili zimeshasema kwamba mkopo unalipika. Lakini kama bodi ilikaa baada ya hapo ikaamua kutodai tena, na kumbukumbu za kikao zipo na zina tarehe ya kabla ya mwaka kufungwa, ana hoja. Kumbukumbu ikiandikwa leo kwa ajili ya mwaka jana, mimi nisingeikubali.

Fundi_Urari
Mama, nafikiri unakaza sana. Awamu zilizolipwa zamani hazizuii nia kubadilika. Salio lililobaki linaweza kuwa mtaji kuanzia siku ya uamuzi.

MamaMizania
Kuanzia siku ya uamuzi, sawa. Isirudi nyuma.

Boda_hadi_Bodi
Mimi nina swali la kuogopesha. Hiyo akiba inakaa pale milele?

Msimamizi_Entebbe
Inakaa mpaka siku mtakapouza. Nilikuwepo kundi moja lilipouza kampuni tanzu ya Uganda. Bei ilikuwa KSh milioni 300, mali halisi kwenye vitabu 290. Kila mtu ofisini alikuwa anahesabu faida ya milioni 10, hata barua kwa wanahisa ilikuwa imeandikwa nusu. Siku mbili kabla ya kutangaza ndipo mtu akakumbuka akiba ya ubadilishaji. Ilikuwa hasi milioni 45, imejikusanya miaka yote. Ukiuza, inatolewa kule ilikokaa na kupitishwa kwenye faida ya mwaka. Faida ya 10 ikawa hasara ya 35, na barua ikaandikwa upya usiku.

Jambo gumu kulieleza lilikuwa kwamba jumla ya mtaji wa kundi iliongezeka kwa 10 tu kama ilivyotarajiwa, kwa sababu zile 45 zilishapunguzwa zamani, mwaka baada ya mwaka. Zilihama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Lakini wanahisa wanasoma mstari wa faida.

Afisa_Mikopo_Kisumu
Na hapo ndipo "karatasi" inapogeuka kuwa habari ya gazetini. Nimemaliza hoja yangu.

MamaMizania
Hujaimaliza. Msimamizi amekuambia mtaji haukubadilika hata shilingi kwa hizo 45. Kama hasara ingekuwa ya siku ile, ungeona mtaji unapungua siku ile.

Afisa_Mikopo_Kisumu
Ilikuwa ya miaka ile, Mama. Ya kweli, ya miaka ile.

Twiga_Arusha
Kabla hamjaendelea, mimi nina la msingi zaidi. Kalamu, hiyo kampuni ya Dar inauza kwa sarafu gani? Sisi ni kambi ya watalii. Wageni wanalipa dola, bei zetu zilikuwa za dola, mafuta na magari tunayanunua kwa bei inayofuata dola. Vitabu vyetu tunaviweka kwa dola, na kampuni mama ya Nairobi inageuza dola kwenda shilingi yake moja kwa moja. Ukigeuza kutoka shilingi ya Tanzania wakati kampuni inaishi kwa dola, unapata akiba isiyo na maana.

KalamuNyekundu
Sisi tunauza vipuri vya magari kwa mafundi wa Dar, kwa shilingi. Ila mzigo tunaununua kwa dola.

Twiga_Arusha
Basi shilingi naona inasimama, maana bei ya kuuzia inaamuliwa na soko la pale. Lakini sisi wenyewe sasa tuko njia panda. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Mgeni anayelipia safari kutoka Ulaya dola zake zinaingia kama kawaida, lakini mlango wa ndani tumebadilisha kila bango. Mkaguzi mmoja anasema sarafu yetu ya kazi imeshabadilika kuwa shilingi. Mwingine anasema bei bado inafuata dola, bango tu limebadilika.

Fundi_Urari
Niko na wa pili. Angalia kinachosukuma bei. Dola ikipanda asubuhi na wewe ukapandisha bei ya shilingi mchana, bado unaishi kwa dola.

Pwani_Karani
Mimi niko na wa kwanza. Ukishalipwa kwa shilingi, ukaweka akiba yako kwa shilingi, na mishahara ukalipa kwa shilingi, dola imebaki kwenye kichwa cha meneja tu. Na mkibadilisha, inaanzia siku ya mabadiliko kwenda mbele. Miaka ya nyuma msiiguse.

Twiga_Arusha
Ndivyo tunavyobishana hata ofisini. Mwaka wa hesabu haujafungwa, tutaona.

KalamuNyekundu
Wakuu, nimerudi. Nimemwonyesha mkurugenzi zile 180 mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwaka ujao shilingi yetu ikianguka, hizi 18 zinarudi?" Nikasema ndiyo, kama kiwango kitarudi 16. Nimejibu sawa?

Fundi_Urari
Si sawa kabisa. Mwaka ujao unaanza na TSh milioni 3,240. Kwa 18 ni 180, kwa 16 ni 202.5. Zingerudi 22.5, maana mali yenyewe imekua.

Afisa_Mikopo_Kisumu
Na hapo sijasikia atakayesema ni karatasi.

MamaMizania
Mimi nitasema. Zikirudi 22.5, gawio lenu msiliongeze hata shilingi moja kwa ajili yake. Kalamu, mwambie hivyo mkurugenzi mapema, kabla hajaizoea.

Mwanaheri_Tanga
Nimesoma wote mpaka chini. Swali dogo: kama Nairobi wangekuwa na asilimia 80 tu ya kampuni ya Dar, hizo 18 zote zingekuwa zao?

Fundi_Urari
Swali zuri sana, dada. Zao ni 14.4. Zile 3.6 ni za wanahisa wenzao wa Dar, zinakaa kwenye mstari wa wanahisa wachache, haziingii kwenye akiba ya kundi.

Mwanaheri_Tanga
Hata kama hao wanahisa wako Dar na shilingi yao haijapungua?

Fundi_Urari
Hata hivyo. Kwenye hesabu za Nairobi, ndiyo.

Mwanaheri_Tanga
Hapo mimi sijakubali bado.